Kenda shika kwa faida, subira kwa hasara: uchambuzi wa kapu moja la hisa

Jamaa yangu ni mhasibu. Kazini kwake, deni likishapita muda bila dalili ya kulipwa analifuta kwenye vitabu na kuendelea na mengine, na bidhaa zilizoharibika ghalani anazishusha thamani bila kutikisika. Ndiyo maana nilishangaa aliponifungulia daftari lake la hisa. Ni daftari la kawaida la mistari, kila hisa na ukurasa wake, na juu ya kila ukurasa ameandika bei aliyonunulia na kuizungushia duara jekundu. Kurasa mbili zilikuwa zimepigwa mstari wa kufunga hesabu na kuandikwa "FAIDA" kwa herufi kubwa. Ukurasa wa tatu ulikuwa haujafungwa, na ndio uliokuwa umechakaa kuliko yote.

"Nimeuza mara mbili, na mara zote mbili nimepata," aliniambia. "Iliyobaki naisubiri tu."

Nitaeleza alichofanya hatua kwa hatua. Namba nimezirahisisha ili hesabu zifuatike, na kampuni nitaziita A, B na C.

Alianza na 30,000 akaigawa mara tatu. Alinunua hisa 100 za kila kampuni, zote kwa bei ya 100, yaani 10,000 kwa kila moja. Miezi saba baadaye A ilikuwa 118, C ilikuwa 104 na B imeporomoka hadi 70. Siku hiyo aliuza hisa zote za A na kupata 11,800. Katika fedha hizo alichukua 7,000 akanunua hisa nyingine 100 za B kwa bei ya 70, na 4,800 zikabaki taslimu. C ilipofikia 115 akaiuza pia, akapata 11,500. Wakati huo B ilikuwa 50. Tulipokaa mezani, mwaka mmoja na nusu tangu aanze, A ilikuwa imefika 150, C ilikuwa 120 na B ilikuwa 45.

Kwa hiyo alikuwa na hisa 200 za B zenye thamani ya 9,000, na taslimu 16,300. Jumla 25,300. Kama angenunua siku ile ya kwanza kisha akalisahau daftari kabatini, angekuwa na A ya 15,000, C ya 12,000 na B ya 4,500, jumla 31,500. Pengo ni 6,200. Ukilipasua, 3,200 ni kupanda kwa A baada ya yeye kuiuza, 500 ni kupanda kwa C, na 2,500 ni anguko la zile hisa 100 za B alizoongeza.

Hapa ni lazima nijizuie kidogo. Hesabu hiyo inauma, lakini haithibitishi kwamba alikosea. Soko lingeweza kugeuka, A ikashuka hadi 60 na B ikarudi 100, na leo tungekuwa tunamsifu. Kosa la uwekezaji halipimwi kwa matokeo ya kisa kimoja. Hupimwa kwa sababu aliyokuwa nayo mtu siku ya kuamua. Basi niliziacha bei nikamuuliza sababu.

Kwa nini aliuza A? "Faida ikishaonekana unaichukua. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje." Na kwa nini hakuuza B? "Subira yavuta heri."

Hizi ni methali mbili za watu wenye akili, na kila moja peke yake ina hekima. Tatizo ni kwamba zinapingana. Anayeamini kenda shika angepaswa kuuza B pia, kwa sababu 70 za mkononi nazo ni kenda. Anayeamini subira angepaswa kuisubiri A nayo. Yeye hakuwa na msimamo kuhusu subira wala kuhusu kushika. Alichokuwa nacho ni methali ya rangi ya kijani kwa faida na methali ya rangi nyekundu kwa hasara, na kilichochagua ipi itumike ni ile namba iliyozungushiwa duara. Habari za kampuni zenyewe hazikuingia kwenye jibu lake hata kidogo, si mauzo yao, si madeni yao, si gawio lao.

Tabia hii ina jina katika fani ya fedha tangu 1985, Hersh Shefrin na Meir Statman walipoiandikia: mwelekeo wa kuuza zilizopanda mapema mno na kuzikalia zilizoshuka muda mrefu mno. Miaka kumi na tatu baadaye, 1998, Terrance Odean aliipima kwenye akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali wa hisa nchini Marekani, kwa kumbukumbu za kuanzia 1987 hadi 1993. Njia yake ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuitumia kwenye daftari lako mwenyewe jioni hii, kwa hiyo nitaieleza kwa kisa chetu.

Angalia siku ambazo mtu ameuza kitu tu. Kila siku ya namna hiyo, hesabu hisa alizokuwa nazo zenye faida na zile zenye hasara, uone ameuza ngapi katika kila kundi. Siku ya kwanza ya kuuza, jamaa yangu alikuwa na mbili za faida, A na C, akauza moja. Ya hasara alikuwa nayo moja, B, hakuigusa. Siku ya pili alikuwa na moja ya faida, C, akaiuza. Na moja ya hasara, B, hakuigusa. Ukijumlisha, nafasi za kuuza kwa faida zilikuwa tatu akatumia mbili. Nafasi za kuuza kwa hasara zilikuwa mbili, hakutumia hata moja. Uwiano wa kwanza ni theluthi mbili, wa pili ni sifuri.

Nafasi tano ni chache mno kumhukumu mtu, lakini Odean alikuwa na maelfu kwa maelfu. Kwake uwiano wa faida ulikuwa asilimia 14.8 na wa hasara asilimia 9.8. Yaani hisa iliyopanda ilikuwa na uwezekano wa kuuzwa karibu mara moja na nusu kuliko iliyoshuka. Halafu akafuatilia kilichotokea mwaka uliofuata: zile zilizouzwa kwa faida ziliendelea kufanya vizuri kuliko zile za hasara zilizoshikiliwa, kwa wastani wa asilimia 3.4. Subira iliwekwa mahali pasipostahili.

Mtu anaweza kujitetea kwamba huo ni utaratibu mzuri tu: hisa iliyopanda imekuwa sehemu kubwa mno ya kapu, ukaipunguza ili kurudisha mizani. Odean aliwaza hivyo pia. Anayerudisha mizani huuza sehemu, hauzi yote, na mara nyingi fedha huzipeleka kwenye hisa nyingine. Alipoyaangalia yale mauzo tu ambayo mtu aliuza hisa zake zote za kampuni, na yale ambayo hayakufuatiwa na ununuzi mpya, tabia ilibaki palepale. Tena kulikuwa na mwezi mmoja uliogeuza mambo, Desemba. Kwa walipa kodi wa Marekani, hasara iliyouzwa kabla ya mwaka kufunga hupunguza kodi, na Desemba watu waliuza za hasara kuliko za faida. Maana yake ni kwamba walikuwa wanajua faida ya kuuza hasara mwaka mzima. Walihitaji tarehe ya mwisho na kisingizio cha heshima, "nauza kwa ajili ya kodi."

Sasa turudi kwenye duara jekundu, kwa sababu humo ndimo mtambo ulimo.

Richard Thaler, aliyepata Nobel ya uchumi 2017, alitumia miaka mingi kueleza kwamba watu hawana mfuko mmoja wa fedha akilini. Wana mafungu. Kila fungu lina jina, lina siku ya kufunguliwa, lina salio la kuanzia, na lina siku ya kufungwa. Jamaa yangu aliponunua B alifungua fungu lenye salio la 10,000. Tangu hapo hakuuliza tena kapu lake zima lina thamani gani. Aliuliza fungu la B linasemaje. Na katika vitabu vya akilini, tofauti na vitabu vyake vya kazini, hasara haiandikwi mpaka fungu lifungwe. B ikiwa 70 bila kuuzwa ni "imeshuka". B ikiuzwa kwa 70 ni "nimepoteza". Fedha ni zilezile, ila neno la pili lina mtenda, na mtenda ni yeye.

Kuna hesabu ya Daniel Kahneman na Amos Tversky inayoonyesha kwa nini kufunga fungu la hasara kunauma namna hii. Waligundua, katika kazi yao ya 1979, kwamba watu hupima mambo kutokea alama fulani ya kuanzia, na kwamba maumivu ya kupoteza ni makubwa kuliko raha ya kupata kiasi kilekile. Katika toleo la 1992 walikadiria maumivu hayo kuwa kama mara mbili na robo. Lakini kwa kisa chetu muhimu zaidi ni umbo la maumivu: hayaongezeki sawia. Hatua ya kutoka hasara ya 0 hadi 2,000 inauma kuliko hatua ya kutoka 4,000 hadi 6,000. Ngozi hufa ganzi.

Chukua hisa 100 za kwanza za B zikiwa 60, hasara ya 4,000. Tuseme mwezi ujao zinaweza kupanda hadi 80 au kushuka hadi 40, nusu kwa nusu. Akiuza anapokea hasara ya 4,000 kwa uhakika. Akikaa, hasara itakuwa 2,000 au 6,000, na wastani wake ni 4,000 hiyohiyo. Kwa kipimo cha fedha njia mbili ziko sawa. Kwa kipimo cha maumivu hazilingani: nafuu ya kurudi kwenye 2,000 ni kubwa kuliko nyongeza ya maumivu ya kufika 6,000. Basi anakaa. Igeuze sasa, hisa iwe 140, faida ya 4,000, nayo inaweza kwenda 160 au 120. Raha nayo inapungua kasi kadiri inavyopanda, kwa hiyo 4,000 za uhakika zinapendeza kuliko bahati nasibu ya 2,000 au 6,000. Basi anauza. Mtu yuleyule, hatari ileile ya 20 juu au 20 chini, maamuzi mawili yaliyopishana, kisa ni mahali duara lilipo.

Maelezo haya ni mazuri na utayakuta kila mahali, ila yana ufa ambao husemwa kwa nadra. Nicholas Barberis na Wei Xiong walipoyafanyia hesabu kamili 2009 waliona kwamba umbo hilo peke yake, likipimwa kwa faida na hasara za mwaka mzima, mara nyingi halitoi tabia hii, na wakati mwingine linatoa kinyume chake. Sababu moja ni kwamba mtu anayechukia hasara kiasi hicho hangenunua hisa kabisa mpaka atarajie kupanda vizuri, na ikishapanda vizuri anakuwa mbali na alama ya kuanzia, ambako haogopi sana. Walichopendekeza badala yake ni jambo la karibu zaidi na daftari la jamaa yangu: raha na maumivu huja wakati wa kuuza kwenyewe, wakati wa kupiga mstari na kuandika neno. Mtu anapata kijiraha cha kuandika "FAIDA" leo, na anaahirisha kuandika "HASARA" hadi kesho. Naamini haya kuliko hesabu ya maumivu peke yake, kwa sababu nimeiona ile mistari miwili ya kufungia. Ilipigwa kwa rula.

Bado kuna zile hisa 100 za nyongeza. Hapa mlango unafungukia ndugu wa pili wa tabia hii, gharama iliyozama, yaani fedha iliyokwishatoka ambayo hairudi, lakini bado inatuongoza.

Nilimuuliza kwa nini alinunua B tena kwa 70. Akachukua kalamu akanionyesha: 10,000 na 7,000 ni 17,000, gawanya kwa hisa 200, wastani 85. "Kabla ya hapo ilibidi ipande mpaka 100 nitoke salama. Sasa inatakiwa ifike 85 tu." Hesabu yake haina kosa hata moja, na ndiyo maana inadanganya. Bei ya B haijui wastani wa mtu yeyote. Alichofanya ni kuweka 7,000 zaidi katika kitu ambacho mtetezi wake pekee ni 10,000 za mwanzo. Alinunua nafasi ya kutoka kwenye fungu bila aibu, na nafasi hiyo ilimgharimu 2,500 mpaka sasa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo anaijua tangu utotoni. Lakini kuijua hakutoshi, maana akili haioni kwamba maji yamemwagika. Inaona kama yako njiani kurudi. Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha hili 1985 kwa watu waliokuja kununua tiketi za maonyesho ya msimu mzima wa tamthilia. Baadhi yao, kwa bahati tu, walipewa punguzo. Tiketi zilikuwa zilezile na maonyesho yaleyale, lakini waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu. Fedha ilikwishatoka kwa wote. Ila aliyelipa zaidi alikuwa na fungu lenye deni kubwa zaidi la kulipia kwa kukaa kwenye kiti. Nusu ya pili ya msimu tofauti hiyo ilififia, na hilo nalo ni la kukumbuka: gharama iliyozama huchakaa kwa muda. Hisa ina ubaya wake hapa. Tiketi haikuonyeshi bei uliyolipa kila asubuhi. Simu inakuonyesha.

Ukitaka kujua kama unaongeza hisa kwa sababu nzuri au kwa sababu iliyozama, sikiliza sentensi. Anayesema "kampuni hii inauzwa chini ya thamani yake, na hili na hili limebadilika" anazungumzia kesho ya kampuni, hata kama atakosea. Anayesema "inatakiwa ifike 85 tu" anazungumzia jana yake mwenyewe.

Lakini tusimnyime haki yake. Yawezekana aliamini kwa dhati kwamba iliyoshuka itarudi na iliyopanda itapumzika. Imani hiyo inaweza kuwa na makosa bila kuwa na woga ndani yake. Utaitofautishaje na kuogopa kufunga fungu? Nje, matendo ni yaleyale.

Martin Weber na Colin Camerer walipata njia ya kuzitenganisha, katika jaribio waliloliandika 1998. Washiriki walinunua na kuuza hisa za kubuni zenye bei zinazobadilika. Kundi moja lilifanya kama kawaida, likauza zilizopanda na kushikilia zilizoshuka. Kwa kundi jingine, hisa zote ziliuzwa zenyewe mwishoni mwa kila kipindi, na mshiriki alikuwa huru kuzinunua tena palepale, bila gharama. Kiuchumi hakuna tofauti. Kushikilia na kununua tena ni kitu kimoja. Kama watu wangekuwa wanaamini kwamba zilizoshuka zitarudi, wangezinunua tena. Tabia ilipungua sana. Mara tu mkono mwingine ulipopiga mstari kwa niaba yao, hamu ya kuwa na zile za hasara iliondoka nao.

Basi nikamfanyia jamaa yangu jaribio hilo mezani, bila mitambo. "Kaka, tuseme usiku wa jana dalali wako amekosea, ameuza hisa zako zote. Asubuhi unakuta taslimu tu, 25,300. Hakuna ada, hakuna kodi, unaweza kununua chochote ulichokuwa nacho au ulichowahi kuwa nacho. Unanunua nini?"

Alifikiri. Akasema angenunua A kidogo, ingawa imeshapanda, kwa sababu biashara yao anaielewa. C labda. Akanyamaza.

"Na B?"

"B ya nini?"

Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Alikuwa na 9,000 kwenye kitu ambacho hangeweka hata 100 kama zingekuwa mkononi mwake. Pale nilipata jibu la swali langu. Hakuamini kwamba B itarudi. Aliamini kwamba hajapoteza mpaka auze.

Kipande kingine cha ushahidi kinakwenda upande huohuo, na kinawahusu wawekezaji wa kawaida wanapowekeza kupitia mifuko ya pamoja inayoendeshwa na mameneja. Huko mambo hugeuka: mifuko iliyoshuka ndiyo huuzwa zaidi. Tom Chang, David Solomon na Mark Westerfield, katika utafiti wa 2016, waliunganisha hilo na suala la lawama. Ukiuza hisa uliyochagua mwenyewe kwa hasara, unakiri kwamba wewe ulikosea. Ukiuza mfuko, umemfukuza meneja. Jamaa yangu aliposikia hili alikumbuka kwamba kweli aliwahi kutoka kwenye mfuko mmoja kwa hasara, na hakuuzungushia duara lolote. "Yule meneja hakuwa makini," alisema.

Kwa hiyo tulifanya nini? Mambo mawili tu, na moja likafanya kazi vizuri kuliko jingine.

La kwanza, tuliliondoa duara. Daftari jipya lina bei ya leo, thamani ya kila hisa ndani ya kapu zima, na sababu ya kuwa nayo kwa sentensi moja. Bei ya kununulia ipo ukurasa wa nyuma kwa ajili ya kodi. Cary Frydman na Antonio Rangel walijaribu kitu cha aina hii maabara 2014: bei ya kununulia ilipofanywa isionekane waziwazi kwenye skrini, tabia ilipungua, ingawa haikuisha. Jamaa yangu naye alikiri kwamba duara halimsumbui tena sana, ila bado zile bei anazikumbuka kichwani. Tuliweka pia agizo kwa dalali, kwamba hisa mpya ikishuka chini ya kiwango fulani iuzwe yenyewe. Agizo la namna hiyo lina kasoro zake. Soko likifunguka kwa mshtuko, bei inaweza kuruka kiwango ulichoweka na ukauziwa chini zaidi, na hisa yenye mawimbi makubwa inaweza kukutoa leo na kupanda kesho. Linachofanya vizuri ni kuamua siku ambayo hakuna maumivu, na kumwachia mtu mwingine kupiga mstari.

La pili lilikuwa B yenyewe. Hakuweza kuiuza yote. Nilimwambia auze nusu, hisa 100, na siku hiyohiyo fedha ziende kwenye hisa nyingine anayoiamini. Kuhamisha ni kwepesi kuliko kuuza. Neno lenyewe halina kidonda. Aliuza kwa 45, akapata 4,500, na saa hiyohiyo akanunua hisa 45 za kampuni D kwa bei ya 100. Alitoka pale mwepesi. Nikajipongeza.

Ila kuna kitu nilikuwa nimekisoma na sikukitilia maanani. Frydman, pamoja na Samuel Hartzmark na David Solomon, walionyesha 2018 kwamba mtu akiuza hisa na kununua nyingine papo hapo, fungu la zamani halifungwi. Linaviringishwa. Hisa mpya hurithi alama ya kuanzia ya ile ya zamani, na mwenye nayo huendelea kuipima faida au hasara kutokea hapo. Ndiyo maana kuhamisha ni kwepesi: hakuna kilichoandikwa.

Miezi miwili baadaye D ilikuwa 108. Ni yule yule aliyeuza A kwa 118 akishangilia, na C kwa 115. Nilitarajia anipigie kuniuliza kama sasa auze, na nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya kumzuia. Hakupiga. Nilipompigia mimi, alisema hana mpango wa kuuza, bado iko mbali.

"Mbali na wapi? Uko juu kwa asilimia 8."

"Asilimia 8 ya nini, kaka?" alisema. "Hii bado haijafidia."

Nilipomtembelea nililifungua daftari jipya. Ukurasa wa D ulikuwa safi, bila duara, kama tulivyokubaliana: bei ya leo 108, thamani 4,860, sababu kwa sentensi moja. Nikageuza ukurasa wa nyuma, ule wa kodi. Mahali pa gharama ya kununulia hakuwa ameandika 4,500. Alikuwa ameandika 8,500, yaani hisa 100 za B kwa wastani wa 85, na mwandiko ulikuwa mzuri kabisa, wa mhasibu.